Taziyat nama: barua ya rambirambi kwa Kiurdu

Taziyat nama ni barua ya rambirambi ya Kiurdu, ambayo mtu aliye mbali huwaandikia wafiwa kwa kuwa hawezi kufika msibani. Nchini Pakistan hufundishwa shuleni pamoja na barua ya maombi na ya pongezi, na mwanafunzi huweza kutakiwa aiandike katika mtihani wa sekondari. Huko mahali pa anwani huandika "kamra-e-imtihan", yaani chumba cha mtihani, na mahali pa jina lake huandika "alif be jim", herufi tatu tu, ili msahihishaji asijue ni nani. Ndiyo maana watu wengi wa huko wanalijua umbo la barua hiyo kabla hawajawahi kumwandikia mfiwa wa kweli. Umbo si gumu. Kazi iko katika kuchagua maneno, hasa kwa mgeni wa lugha anayetaka kuiandikia familia ya rafiki yake.

Barua huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Juu kabisa huwekwa Bismillahi, au nambari 786, ambayo ni jumla ya herufi zake kwa hesabu ya abjadi. Wako wanaoipinga nambari hiyo wakisema hesabu si maneno yenyewe, kwa hiyo asiyeijua familia vizuri atakuwa salama zaidi akiandika Bismillahi au akiliacha jambo hilo. Hufuata mahali na tarehe, kisha "alqab", yaani namna ya kumwita anayeandikiwa, kisha salamu.

Alqab inataka uangalifu. Wazazi wa rafiki hawaitwi kwa majina. Baba wa rafiki ni "chacha jan", baba mdogo mpendwa, na mkewe ni "chachi jan". Wengine humwita mama wa rafiki "khala jan", dada wa mama. Kaka mkubwa wa rafiki ni "bhai jan". Mbele ya neno hilo la ujamaa huongezwa "mohtaram" kwa mwanamume au "mohtarama" kwa mwanamke, kwa maana ya mheshimiwa. Zamani, chini ya kivuli cha Kifarsi, sehemu hii ilijaa sifa na vyeo mistari kwa mistari. Aliyeipunguza kwa vitendo ni mshairi wa Delhi, Mirza Ghalib, aliyeishi kati ya 1797 na 1869. Barua zake zilianza kukusanywa vitabuni mwishoni mwa uhai wake, katika Ud-e-Hindi ya 1868 na Urdu-e-Mualla ya 1869, nazo husomwa hadi leo kwa sababu aliandika kama mtu anayezungumza na mwenzake aliyeketi mbele yake. Mara nyingi humwita rafiki kwa neno moja, kisha huingia katika habari.

Baada ya salamu, barua ya kawaida ya Kiurdu huwa na kibwagizo kinachojulikana na kila mtoto wa shule: mwandishi husema yeye ni mzima wa afya na anamwomba Mungu huyo mwenziwe naye awe hivyo. Katika taziyat nama kibwagizo hicho huachwa kabisa. Wageni hukosea hapa mara kwa mara, kwa kuwa walikikariri kama sehemu ya kila barua. Kumwambia mjane "main khairiyat se hun", mimi ni buheri wa afya, katika mstari wa kwanza ni kuanza vibaya barua nzima. Baada ya salamu huja habari ya msiba moja kwa moja.

Hapo ndipo kitenzi hutofautisha mwenye adabu na asiye nayo. Kiurdu kina "marna", kufa, lakini "mar gaya" ni kauli ya mnyama, ya adui, au ya mazungumzo ya ovyo. Kwa baba wa rafiki husemwa "un ka intiqal ho gaya", amehama dunia, au "wafat pa gaye", amefariki. "Faut ho gaye" nalo halina kosa, ila linanusa ofisi na magazeti. "Rehlat farma gaye", ameondoka safarini, huwekewa wanazuoni na watu wa cheo, na "khaliq-e-haqiqi se ja mile", amekwenda kukutana na Muumba wa kweli, hupendeza zaidi katika matangazo ya vifo kuliko katika barua ya mtu kwa mtu. Kwa mwandishi wa kawaida "intiqal" linatosha, na halichakai.

Mara baada ya kuitaja habari huandikwa aya ambayo Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki pia huitamka wasikiapo kifo: Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, kutoka Sura ya Al-Baqara, aya ya 156. Kisha husemwa jinsi habari ilivyopokelewa. Maneno ya kawaida ni "dili sadma hua", moyo wangu umepata pigo, "gehra dukh hua", nimeingiwa na huzuni nzito, na "yaqin nahin aata", siwezi kuamini. Neno "afsos", masikitiko, nalo hutumika, na katika Punjab ndilo hasa jina la kazi yenyewe: mtu husema anakwenda "kufanya afsos" nyumbani kwa fulani, akimaanisha anakwenda kuhani.

Sehemu inayofuata ni ya kumkumbuka marehemu, nayo ndiyo inayoachwa tupu kuliko zote. Vitabu vya shule hutoa sentensi tayari: marhum bare nek insan the, marehemu alikuwa mtu mwema sana. Si uongo, lakini inamfaa kila maiti. Familia ikishapokea barua nyingi, hiyo haitakumbukwa. Tukio moja dogo ambalo mwandishi alilishuhudia lina thamani zaidi ya sifa kumi, hasa ikiwa ni tukio ambalo watoto wa marehemu wenyewe hawakulijua.

Sentensi hiyo ya shule, hata hivyo, ina somo la sarufi ambalo halikwepeki. Imesema "the", walikuwa, badala ya "tha", alikuwa. Kiurdu humheshimu mtu mmoja kwa kumweka katika wingi, na heshima hiyo haikomi kwa kifo. Anayeandika "marhum acha insan tha" ameeleweka, ila amemshusha baba wa watu hadi daraja ya mtoto wa mtaani. Hali kadhalika anayeandikiwa ni "aap", kamwe si "tum", hata kama mwandishi na rafiki yake huitana "tum" kila siku, kwa sababu barua ya msiba husomwa na nyumba nzima. Marehemu mwanamke ni "marhuma", si "marhum". Kosa hili hutokea pale mtu anaponakili barua ya mfano na kusahau kubadilisha, na familia huligundua papo hapo, kwa kuwa linaonyesha kwamba maneno hayakuandikwa kwa ajili yao.

Kisha huja dua. Karibu zote zina umbo moja: Allah Ta'ala hutajwa mwanzoni, kisha jambo linaloombwa, na mwishoni kitenzi "farmae". Asili ya kitenzi hiki ni kuamuru, na hutumiwa badala ya "kufanya" anapotajwa mkubwa, kwa heshima. "Allah Ta'ala marhum ki maghfirat farmae": Mwenyezi Mungu amghufirie marehemu. "Unhen jannat-ul-firdaus mein aala maqam ata farmae": amjaalie daraja ya juu katika Pepo ya Firdausi. "Apne jawar-e-rahmat mein jagah de": ampe nafasi katika ujirani wa rehema yake. "Un ke darajat buland farmae": azinyanyue daraja zake. Katika familia za Kishia huombwa pia nafasi katika ujirani wa maasumu, yaani Mtume, Bibi Fatima na Maimamu. Mwandishi hatumii kamwe "farmana" kwa nafsi yake. Yeye, akiwa na neno la kusema mbele ya wakubwa, hufanya "arz", huwasilisha. Aliyeandika "mimi nafarmaa" huwachekesha wafiwa siku ambayo hawakutaka kucheka.

Dua ya mwisho ni ya walio hai. Wao huitwa "pasmandagan", waliobaki nyuma, au "lawahiqin", waliofungamana na marehemu, na huombewa "sabr-e-jamil", subira njema. Herufi ya "e" katikati ni kiungo kilichotoka Kifarsi, kinachounganisha jina na sifa yake. Fungu lenyewe limetoka Sura ya Yusuf, katika kauli ya Nabii Yaakub alipoletewa kanzu ya mwanawe yenye damu ya uongo. Msomaji anayeijua sura hiyo husikia ndani ya maneno mawili kilio cha baba ambaye aliendelea kulia hadi macho yakapofuka, kwa hiyo subira inayoombwa si ya kukausha machozi.

Inafaa kulisema hilo kwa sababu subira ndilo neno linaloweza kumuumiza mfiwa. "Sabr karen", subirini, likisimama peke yake huwa amri. Ghalib alilipinga zamani. Alipomwandikia Yusuf Mirza aliyefiwa na baba yake, alilalamika kwamba kumhimiza mfiwa asubiri ni desturi iliyochakaa, na kwamba ni ajabu kumtaka aliyejeruhiwa asigaegae. Waandishi wazuri wa Kiurdu huitatua shida hiyo kwa sarufi tu: badala ya kumwagiza mfiwa asubiri, humwomba Mungu ampe subira. Mzigo huhama kutoka kwa mfiwa.

Sentensi nyingine za aina hiyo zinahitaji kupimwa kabla ya kutumiwa. "Maut barhaq hai", kifo ni haki, na "Khuda ko yahi manzur tha", Mungu ndivyo alivyoridhia, hukubalika amekufa mzee aliyeshiba umri. Amekufa kijana, kauli hizo huonekana kama mwandishi ana haraka ya kuufunga mjadala. Kiurdu kina jina la msiba wa namna hiyo, "jawan maut", kifo cha ujanani, na barua kwa wazazi wa rafiki aliyekufa kijana hukiri tu kwamba hakuna maneno: "mere paas alfaz nahin hain". Baada ya hapo inatosha kumtaja rafiki kwa jambo moja alilolifanya, kuomba dua, na kunyamaza. Swali la alikufaje haliulizwi kwenye barua, kwa kuwa humlazimisha mfiwa kuisimulia hadithi upya.

Ili kuona sehemu hizo zinavyokaa pamoja, tuseme mtu wa Mombasa alisoma chuo Lahore. Rafiki yake wa chuoni amefiwa na baba, na yeye anamwandikia mama wa rafiki, ambaye sasa ni mjane. Kumwelekezea mama barua ni uamuzi mzuri, kwani wanaume wengi watakuwa wamempa mkono mwana wa kwanza kwenye maziko. Mama atakuwa eda miezi minne na siku kumi, hapokei wageni wa kiume wasio maharimu, lakini barua inamfikia. Inawezekana pia asiisome mwenyewe, asomewe na binti au mjukuu, kwa hiyo sentensi ziwe fupi na zitamkike. Chini ya mahali na tarehe, mwandishi anaanza:

"Mohtarama chachi jan! Assalam-o-alaikum. Kal sham bhai jan ke paigham se chacha jan ke intiqal ki khabar mili. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Yaqin nahin aata ke woh ab hum mein nahin rahe."

Yaani: Mama mdogo mheshimiwa, assalamu alaikum. Jana jioni, kwa ujumbe wa kaka, nilipata habari ya kufariki kwa baba mdogo. Siamini kwamba hayuko nasi tena. Sentensi ya pili inataja habari ilifikaje na lini, na hiyo ni adabu pia, maana inaonyesha kwamba mwandishi hakukaa kimya makusudi. Anaendelea:

"Chacha jan ne mujhe kabhi pardesi mahsus nahin hone diya. Eid ki chhuttiyon mein jab hostel khali ho jata tha, woh khud mujhe lene aate the."

Yaani: Baba mdogo hakuniacha kamwe nijihisi mgeni. Katika likizo za Idi, hosteli ilipobaki tupu, alikuwa akija mwenyewe kunichukua. Hapa hakuna sifa hata moja. Wema haukutajwa kwa jina, ila mjane anaweza kumwona mumewe akitoka nyumbani asubuhi ya sikukuu. Pia "aate the" imebaki katika wingi wa heshima, wakati hosteli, ambayo haidai heshima, imepewa umoja, "ho jata tha". Kisha:

"Aap ke gham ka andaza mere liye mumkin nahin. Bas itna arz hai ke is dukh ki ghari mein hum sab aap ke sath hain. Allah Ta'ala marhum ki maghfirat farmae, unhen jannat-ul-firdaus mein aala maqam ata farmae aur aap sab ko sabr-e-jamil de. Amin."

Yaani: Siwezi kuukadiria uzito wa huzuni yako. Neno langu ni hili tu, kwamba katika saa hii ya majonzi sote tuko pamoja nawe. Kisha dua tatu ambazo zimekwisha kuelezwa. Sentensi ya kwanza inazuia kosa linalokuja kwa nia njema, la kusema "naelewa unavyojisikia" na kuanza kusimulia msiba wako mwenyewe. Barua inafungwa hivi:

"Yahan hamare ghar mein marhum ke isal-e-sawab ke liye Qur'an parha gaya. Meri walida aap ko salam kehti hain. Aap ke gham mein sharik, aap ka beta."

Yaani: Hapa nyumbani kwetu imesomwa Kurani ili thawabu zimfikie marehemu. Mama yangu anakusalimu. Mshirika wa huzuni yako, mwanao. Na jina chini yake. "Isal-e-sawab", kufikisha thawabu, ndilo fungu linaloieleza hitima ya pwani kwa msomaji wa Lahore bila maelezo zaidi. Lakini si kila familia huko inaikubali desturi hiyo. Wafuasi wa Ahl-e-Hadith, kwa mfano, hawaisomi Kurani kwa mkusanyiko wa namna hiyo. Ikiwa mwandishi hajui familia iko upande gani, sentensi hiyo iondolewe na ibaki dua, ambayo haipingwi na yeyote. Kufunga kwa "aap ka beta", mwanao, kunamfaa mtu aliyelelewa kidogo na nyumba hiyo. Mwenye ukaribu mdogo huandika "sharik-e-gham", mshirika wa huzuni, au "dua-go", mwenye kukuombea.

Barua nzima haifiki maneno mia na hamsini. Urefu zaidi ya huo mara nyingi hutokana na mwandishi kuingiza habari zake, au kuahidi mambo makubwa. Akiwa na msaada wa kutoa, autaje kwa jina: atamfuatilia mdogo wa rafiki karatasi za chuo, au atawapigia simu siku fulani. "Niambieni mkihitaji chochote" humwachia mjane kazi ya kuomba.

Neno "marhum" lenyewe maana yake ni aliyerehemewa, na katika Kiurdu hubaki kwa Waislamu. Rafiki akiwa Mkristo wa Lahore au Mhindu wa Lucknow, marehemu wake katika maandishi rasmi huitwa "anjahani", aliye wa dunia ile. Katika barua ya binafsi neno hilo lina ubaridi kidogo, na ni afadhali kumtaja marehemu kwa ujamaa wake, "aap ke walid", baba yenu. Aya ya Inna lillahi na Pepo ya Firdausi huachwa, na dua huelekezwa kwenye amani ya roho: "Khuda un ki ruh ko sukun ata kare".

Kuhusu wakati, wanazuoni wa Kihanafi, ambao ndio wanaofuatwa na Waislamu wengi wa Pakistan na India, huona kuhani kunafaa ndani ya siku tatu, na baada ya hapo hakupendezi, isipokuwa kwa aliyekuwa mbali au aliyechelewa kupata habari. Barua ni ya mtu wa mbali, kwa hiyo ina ruhusa hiyo. Ikichelewa, huongezwa sentensi moja, "takhir ke liye mazrat khwah hun", naomba radhi kwa kuchelewa, bila orodha ya sababu. Wengi hujitahidi ifike kabla ya "chehlum", siku ya arobaini, ambapo katika familia nyingi ndugu hukusanyika tena. Ikifika baada ya hapo bado hupokelewa, ila isiandikwe kama habari ni ya jana.

Siku hizi rambirambi nyingi hupita kwenye simu, na Kiurdu huandikwa humo kwa herufi za Kilatini kama zilivyotumika katika mifano hii. Ujumbe huo unatosha kwa jirani na mfanyakazi mwenza. Familia ya rafiki wa karibu hutarajia zaidi ya aya ya Inna lillahi iliyopelekwa kwa mguso mmoja wa kidole, hasa ikiwa katika kundi lilelile watu hamsini wameipeleka hiyohiyo. Mtu asiyejua kuandika hati ya Kiurdu kwa mkono anaweza kuichapa kwa nastaliq, mtindo wa hati inayoinama ambao magazeti na vitabu vya Kiurdu huutumia, kisha akaipeleka kama picha au kuichapisha na kuitia saini kwa mkono wake.

Wafiwa hawadaiwi jibu. Baadhi yao hutangaza gazetini "izhar-e-tashakkur", tamko la shukrani, wakisema hawawezi kumjibu kila mmoja na kwamba tangazo hilo ndilo jibu kwa wote. Wanaojibu kwa barua huandika mistari michache tu, wakishukuru kwa kushirikiana nao katika huzuni na kuomba marehemu aendelee kukumbukwa katika dua. Jibu hilo likija, haliandikiwi jibu lingine la rambirambi. Barua inayofuata huwa ya kawaida, na kibwagizo cha afya njema huruhusiwa kurudi.